Msaada: fomu ya chuo cha nje inadai GPA, mimi nina Division I ya pointi 6. Niandike nini?

Neema_PCB

Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita Mei 2025, mchepuo wa PCB, na sasa najaza Common App pamoja na fomu moja ya chuo chenyewe ambacho hakimo humo. Sehemu ya historia ya elimu imenikwamisha. Matokeo yangu kwenye tovuti ya NECTA yanasomeka hivi (namba nimeifuta):

```
S****/****  F  6  I  G/STUDIES - 'C' PHYSICS - 'B' CHEMISTRY - 'C' BIOLOGY - 'A' BAM - 'D'
```

Kidato cha nne, 2022, nilipata Division I ya pointi 14.

Common App inauliza GPA, kisha inataka nichague kipimo chake, kisha inauliza nafasi yangu darasani. Fomu ya chuo ndiyo ngumu zaidi: ina kisanduku cha GPA kinachopokea tarakimu tu, na kando yake kisanduku cha alama ya juu kabisa katika mfumo wako. Rafiki yangu anasema niandike 6 na kwenye alama ya juu niweke 21. Mwingine anasema nitumie kikokotoo cha mtandaoni. Sijatuma chochote bado. Naombeni mwongozo wa mtu anayeyajua haya mambo.

---

Fundi_Nondo

Hongera kwa Div I ya 6. Nakushauri tumia kikokotoo, weka A, B, C zako tatu, kitakupa GPA ya nne. A ni 4, B ni 3, C ni 2, jumla 9, gawa kwa tatu unapata 3.0. Andika 3.0, kipimo 4.0, songa mbele. Hao jamaa wanataka namba tu.

---

Mama_Jose

Mwanangu hongera sana. Mbona una pointi 12 na siyo 6? A ni 5, B ni 4, C ni 3. Kijana wangu mwaka jana alipitia humohumo, wanahitaji angalau 4.0 kutoka masomo mawili, wewe umepita mbali. Ingia kwenye mfumo wa chuo husika uweke namba ya mtihani, matokeo yanajivuta yenyewe. Usihangaike na GPA.

---

Neema_PCB

Asante mama. Hiyo ni ya vyuo vya ndani, na huko nimeshaomba. Hii ni ya nje, wao hawavuti chochote kutoka NECTA, kila kitu unaandika kwa mkono. Ila umenichanganya kidogo. Kwa hiyo mimi nina pointi 6 au 12?

---

Dawati_la_Udahili

Neema, una zote mbili, na hapo ndipo watu wengi huharibu fomu. Nimepitisha miaka mingi kwenye ofisi ya udahili nikisoma mafaili ya waombaji wa kutoka nchi tofauti, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Pointi 6 ni za NECTA za kupanga daraja. Huko A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na zinahesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi peke yake. General Studies na BAM hazimo. Wewe ni 2 + 3 + 1. Aliye bora kabisa ana 3 na aliyeanguka kote ana 21. Division I ni kuanzia 3 hadi 9.

Pointi 12 anazosema Mama Jose ni za TCU kwa ajili ya udahili wa vyuo vya ndani. Huko A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Zinakwenda kinyume na zile: ukiwa na nyingi ndiyo bora. Mama yuko sahihi kabisa kwa kazi hiyo, ila haziandikwi kwenye fomu ya nje, kwa sababu hazipo kwenye cheti chako.

Sasa ona hatari ya kuandika 6 kati ya 21. Anayesoma huko, au mfumo unaochuja kabla ya mtu kusoma, anaona mtu aliyepata chini ya theluthi. Ukiigeuza kwenda nne inakuwa kama 1.14. Mtu mwenye Division I anaonekana amefeli.

Na wewe Fundi, hiyo 3.0 yako ni moja tu ya namba zinazoweza kutoka kwenye cheti hichohicho. Chukua pointi za TCU, 12 kati ya 15, zidisha kwa nne: 3.2. Chukua za NECTA uzigeuze kichwa chini, yaani 21 toa 6, gawa kwa 18, zidisha kwa nne: 3.33. Chukua kikokotoo kinachotumia asilimia za Kimarekani: B ya NECTA ni 70 hadi 79, kwao hiyo ni C, C ya NECTA ni 60 hadi 69, kwao hiyo ni D. Biology yako tuseme inabaki A. Unapata 4 + 2 + 1, gawa kwa tatu, 2.33. Mtu yuleyule, cheti kilekile, namba nne tofauti. Ipi ni ya kweli? Hakuna, kwa sababu NECTA haikukupa GPA.

Kwa hiyo kwenye Common App, mahali pa kuchagua kipimo cha GPA, teremka hadi chini uchague `None`. Chaguo hilo lipo hapo kwa ajili ya watu kama wewe. Matokeo yenyewe unayaweka sehemu ya mitihani, siyo kwenye GPA.

---

Fundi_Nondo

Sawa mkuu, hoja ya namba nne imenikaa. Lakini si akiacha wazi ataonekana anaficha? Nawajua watu waliojaza 3 na kitu wakapata nafasi.

---

Dawati_la_Udahili

Hawezi kuonekana anaficha wakati alama zote za masomo zimeandikwa ukurasa unaofuata. Waliojaza na kupata wapo, sibishi. Tatizo linakuja pale vyeti halisi vinapowasili na msomaji anatafuta hiyo 3.0 haioni popote. Mwingine atapuuza, mwingine atauliza, mwingine ataweka faili pembeni. Kwa nini ujiingize huko?

---

Kasuku_KE

Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu mambo ni rahisi, KCSE inatoka na gredi ya wastani moja kwa moja, A ni 12, A- ni 11, inashuka hadi E ambayo ni 1. Dada Neema, mimi ningekushauri uweke mtihani wa kidato cha nne kama ndio mtihani wa mwisho wa sekondari, kisha kidato cha tano na sita uweke kama masomo ya baada ya sekondari. Mimi nilijaza hivyo kidato cha nne na sikusumbuliwa.

---

Dawati_la_Udahili

Kasuku, kwa Kenya uko sawa, kwenu kidato cha tano na sita viliondoka na mfumo wa zamani, kwa hiyo kidato cha nne ndiyo mwisho. Kwa Tanzania siyo hivyo. Neema akifuata ushauri wako atakuwa amekosea mara mbili: ataonekana tayari amesoma kitu cha baada ya sekondari, na mtihani wake mzito utakaa mahali ambapo hakuna anayeutafuta.

Common App, sehemu ya mitihani, inamuuliza mwombaji wa kimataifa kama mfumo wa nchi yake unatumia mitihani ya kitaifa ya kumaliza sekondari ya chini na ya juu. Neema, jibu ni ndiyo. Kidato cha nne, CSEE, ni sekondari ya chini. Kidato cha sita, ACSEE, ni sekondari ya juu. Halafu unaandika somo moja baada ya jingine.

Hapo nina msisitizo: andika masomo yote. Kidato cha nne pointi 14 zimetokana na masomo saba bora, lakini ulifanya mangapi?

---

Neema_PCB

Tisa. Biology A, Chemistry B, Physics B, Geography B, English B, Kiswahili B, Basic Mathematics C, Civics C, History C. Na kidato cha sita je, General Studies na BAM niziweke? BAM nina D, inaniumiza kuiandika.

---

Dawati_la_Udahili

Weka tisa zote na weka zote tano za kidato cha sita. BAM iko kwenye cheti, chuo kitaiona. Ukiiacha, orodha yako na cheti havitalingana, na hapo swali haliwi tena kuhusu hesabu, linakuwa kuhusu uaminifu. Unachoweza kufanya ni kueleza kwamba ni somo la ziada lisilohesabika katika daraja. Na D ya kidato cha sita ni 50 hadi 59, siyo jambo la aibu.

Hapa kuna kitu wanafunzi wetu hawakijui. Kidato cha nne na cha sita havitumii mizani moja. Kidato cha nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35. Kwa hiyo C yako ya Chemistry kidato cha sita na C yako ya History kidato cha nne hazitokani na alama zinazolingana. Fomu ikitaka maelezo ya kipimo, unaeleza mawili, kila mtihani na wake.

Na asilimia usiandike. Cheti kinatoa herufi tu. Ukiona kisanduku cha asilimia usikadirie "labda nilipata 73". Hiyo namba huna na hakuna atakayeithibitisha.

---

Merit2014

Samahani wakuu naingilia. Mimi naomba shahada ya uzamili, lakini fomu inataka hadi kidato cha nne. Nilimaliza kidato cha nne 2014, mwaka wa zile GPA. Karatasi yangu ya matokeo ya wakati ule inasema Merit, 3.1, na nina B+ mbili. Kwenye fomu nimeandika GPA 3.1, kipimo 4.0. Je, iko sawa? Wengine wananiambia nibadilishe kuwa Division.

---

Dawati_la_Udahili

Merit2014, usiache 4.0 hapo. GPA ile ilikuwa ya tano: Distinction 3.6 hadi 5.0, Merit 2.6 hadi 3.5, Credit 1.6 hadi 2.5. Andika 3.1 kati ya 5.0. Ukiacha 4.0 umejipandisha bila kukusudia, na mtu anayeijua mizani hiyo ataona mara moja.

Wala usijitafutie Division. Serikali ilirudisha madaraja mwaka 2016, na matokeo ya kidato cha nne ya 2015 yakatoka kwa Division. Kukokotoa mwenyewe daraja ambalo hukupewa ni kosa lilelile la kina GPA za kutunga, limegeuzwa tu. Na usishangae ukiambiwa B+ haipo, watu wengi wanajua mizani ya miaka mingine tu. Weka mwaka wa mtihani kila unapotaja gredi.

---

Merit2014

Shukrani. Ila cheti chenyewe nilikichukua baadaye sana na kipo nyumbani, sikumbuki kimeandikwaje. Nina picha ya karatasi ya matokeo tu.

---

Dawati_la_Udahili

Basi kabla ya kutuma omba mtu wa nyumbani akipige picha. Vikitofautiana, cheti ndicho kinachofuatwa.

---

Neema_PCB

Nimefuata, Common App nimeweka `None` na mitihani yote miwili imeingia. Nina mawili yamebaki. La kwanza ni tarehe: O-level nilisoma Januari 2019 hadi Novemba 2022, na A-level, shule nyingine, nilianza Agosti 2023. Mfumo unanionyesha kama nina pengo la miezi mingi. La pili ni ile fomu ya chuo yenye kisanduku cha tarakimu. Hakikubali kuachwa wazi.

---

Mwalimu_wa_Taaluma

Nijibu la tarehe, maana naandikia wanafunzi barua hizi kila mwaka. Usinyooshe tarehe ili pengo lifutike. Nimewahi kuona mwanafunzi ameandika A-level ilianza Januari, shule ikaandika Agosti, ikawa kazi kubwa kusafisha. Tarehe zako ni sahihi. Eleza kwa sentensi moja: mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo ni Januari, na kidato cha tano huanza katikati ya mwaka baada ya wanafunzi kupangiwa shule. Kila Mtanzania wa rika lako ana pengo hilohilo.

Pia wakikuuliza darasa la 9 hadi la 12, anza kuhesabu kutoka darasa la kwanza. Msingi ni miaka saba, kwa hiyo kidato cha kwanza ni mwaka wa nane, kidato cha nne ni wa kumi na moja, na cha sita ni wa kumi na tatu. Darasa la 9 kwao ni kidato cha pili kwako. Wengi huanzia kidato cha kwanza kwa kudhani ndiyo mwanzo wa 9, wakifika mwisho vidato viwili vinakosa pa kukaa.

Nafasi darasani: kama ripoti za muhula za shule yako zina nafasi, mfano ya 8 kati ya 96, unaweza kuitaja. Kama shule haitoi, chagua kwamba haipo. Usitumie nafasi ya mtihani wa mock wa mkoa, hiyo siyo nafasi ya darasa.

---

Msubiri_Matokeo

Mwalimu, sisi ambao bado hatujafanya mtihani wa mwisho tunaandika matokeo ya mock kama makadirio?

---

Mwalimu_wa_Taaluma

Hapana. Mock ni mtihani uliokwishafanyika, makadirio ni kauli ya shule kuhusu utakachopata. Muombe mwalimu wa taaluma wa shule yako ayaandike na kuyasaini, wewe unakili alichoandika. Kwenye UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya Uingereza, mtihani ambao haujatoka unauingiza kama unaosubiriwa, na makadirio anaweka mwalimu anayekuandikia barua.

---

Dawati_la_Udahili

Kwa UCAS kuna hili pia: hawataki ujigeuzie gredi zako ziwe za Uingereza. Andika kama zilivyo.

Neema, kisanduku cha tarakimu. Kwanza angalia kama menyu ya alama ya juu ina `Other` au `N/A`, mara nyingine ukiichagua kisanduku cha GPA kinakubali kuachwa wazi. Kama haina, waandikie udahili barua pepe kabla ya kutuma: nchi yangu haitoi GPA, nina gredi za masomo za ACSEE na daraja, mfumo wenu haukubali kuacha wazi, niweke nini? Watakachojibu ndicho utakachoweka, na barua hiyo uitunze.

---

Fundi_Nondo

Mdogo wangu alikutana na kisanduku kama hicho, udahili wakamwambia aweke 0 halafu aeleze chini. Kwa nini asiweke 0 tu sasa hivi?

---

Dawati_la_Udahili

Kwa chuo hicho sawa, kwa sababu walimwambia wenyewe. Kwingine 0 inaweza kusomwa kuwa ni sifuri kweli na ombi likachujwa kabla halijafika kwa mtu. Mimi siweki 0 bila maandishi yao.

---

Mwalimu_wa_Taaluma

Hapo natofautiana kidogo na mkuu. Kama muda wa mwisho ni kesho na hawajajibu, 0 yenye maelezo ni salama kuliko 3.2 ya kubuni. Mtu akiona 0 anajua kuna jambo, anafungua faili.

---

Dawati_la_Udahili

Kama kuna mtu anayefungua. Hatutakubaliana hapo Mwalimu, na kila chuo kina mfumo wake. Ndiyo maana nasema aandike barua leo.

Neema, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada weka aya moja, siyo insha. Mambo yake ni haya: mitihani yote inatungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ACSEE gredi ni A hadi F na viwango vyake, daraja linatokana na masomo matatu ya tahasusi, pointi 3 ndiyo bora na 21 ndiyo ya chini, wewe una 6, Division I, General Studies na BAM hazihesabiwi, CSEE ina viwango vyake, pointi 7 ndiyo bora na 35 ya chini, wewe una 14, Division I, hakuna GPA wala asilimia inayotolewa. Ile sentensi ya "pointi chache ndiyo bora" iweke mapema kabisa. Ukiizika mwishoni, msomaji atakuwa ameshaona 6 na 14 na kupata picha yake.

Ongeza na hili, kwa sababu linawasaidia kuisoma C yako: mwanafunzi mwenye C tatu kidato cha sita ana pointi 9, na hiyo bado ni Division I. Akiliona hilo, ataacha kuipima C ya 60 kwa rula ya kwao.

---

Neema_PCB

Nimeandika aya, imetoka fupi na inaeleweka. Barua kwa udahili nimetuma. Ila kuna jambo jipya: nimempigia mwalimu wa taaluma wa shule yangu, anasema kwenye ripoti ya shule aliyoandaa kwa ajili ya Common App ameshajaza GPA 3.2 kati ya 4.0. Alitumia zile pointi 12. Bado hajaituma.

---

Mwalimu_wa_Taaluma

Mwombe kwa heshima aondoe. Alifanya kwa nia njema, alitaka uonekane vizuri, na anaweza kuwa amewafanyia hivyo wengine. Mwambie wewe umejaza kwamba GPA haipo na yeye ameweka 3.2, nyaraka mbili za mwombaji mmoja zitapingana. Aache kisanduku cha GPA, aambatishe ripoti za muhula za kidato cha tano na sita zikiwa na muhuri, na ukurasa mmoja wa kueleza viwango vya gredi vya shule. Viwango vya shule vikiwa tofauti na vya NECTA, vitajwe kivyake.

---

Neema_PCB

Amekubali kuondoa, ila anauliza: wenzangu wawili walioomba kabla yangu tayari ripoti zao zimetumwa na GPA za namna hiyo. Wafanye nini?

---

Dawati_la_Udahili

Shule iwaandikie vyuo husika barua ya kusahihisha, ikitaja kwamba namba ile ilikokotolewa na shule na haikutolewa na Baraza, na iambatishe matokeo halisi. Chuo kikitaka uhakika zaidi, wanafunzi waiombe NECTA itume uthibitisho wa matokeo moja kwa moja chuoni. Barua ya kusahihisha itoke shuleni, siyo kwa wanafunzi, kwa sababu ripoti ilitoka shuleni.

---

Merit2014

Nimetumiwa picha ya cheti sasa hivi. Jina la katikati limeandikwa kwa herufi moja tu, kwenye pasipoti limeandikwa kamili. Hiyo nayo inahitaji barua?

---

Dawati_la_Udahili

Jaza fomu kwa jina la pasipoti, na kwenye kisanduku cha majina mengine uliyotumia weka lililo kwenye cheti, na hiyo herufi moja. Baadhi ya vyuo vitaridhika, vingine vitadai kiapo cha majina. Gredi zimeandikwaje hapo?